Vimistari Vimejaa, Data Haiendi

Dabi ya Kariakoo inapochezwa kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, mtandao wa simu huanza kulemewa kabla filimbi ya kwanza haijalia. Mchana, majukwaa yakiwa bado na nafasi, picha iliyopigwa kwa simu huondoka papo hapo. Ikifika jioni, Simba na Yanga wakiwa uwanjani na viti vimejaa, picha ya ukubwa uleule huzunguka dakika nzima kisha hugoma. Mwenye simu anatazama juu ya kioo: vimistari vyote vipo, na pembeni pameandikwa 4G. Anaangalia salio la bando, lipo. Anazima data na kuiwasha. Anaiweka simu kwenye hali ya ndege, anaitoa. Jirani yake anafanya hivyohivyo, na aliye nyuma yao pia, na kila mmoja anauongezea mzigo mnara uleule bila kujua.

Wengi huamini kwamba kampuni imewabania, au kwamba simu zao zimechoka. Maelezo ya kweli yako kwenye mambo mawili. La kwanza ni kwamba vimistari hupima kitu kimoja tu, nacho sicho anachohitaji mtu anayetuma picha. La pili ni kwamba penye umati mkubwa, njia inayoziba mapema mara nyingi ni ile ya kupakia, yaani ya kutoka kwenye simu kwenda mnarani, ambayo ndiyo nyembamba tangu mwanzo. Mambo hayo mawili yakieleweka, itaonekana pia kwa nini kuongeza nguvu ya mnara hakutibu tatizo hili, na wakati mwingine hulizidisha.

Tuanze na vimistari. Mnara wa 4G hutangaza muda wote mawimbi ya rejea, yaani alama maalumu ambazo kila simu inazifahamu na kuzipima. Nguvu ya alama hizo inapofika kwenye simu huitwa RSRP, na kwa simu nyingi ndiyo msingi wa vimistari. Huandikwa kwa namba hasi: -75 ni nguvu kubwa na vimistari hujaa, -120 ni karibu na kupotea kabisa. Mnara hutangaza alama hizo kwa nguvu ileile saa tisa usiku, mlinzi akiwa peke yake uwanjani, na saa kumi na moja jioni mbele ya watu 60,000. Kwa hiyo simu iliyo jukwaani itaonyesha vimistari vilevile katika nyakati zote mbili. Kumsikia mwadhini vizuri siku ya Ijumaa hakukuambii kama ndani ya msikiti bado kuna nafasi.

Kinachogawanywa na mnara ni muda na masafa. Tuchukue chaneli ya 4G yenye upana wa megahezi 20, ambao ndio upana mkubwa kabisa wa chaneli moja ya teknolojia hiyo. Kila milisekunde moja mnara una vipande 100 vya kugawa, na kazi ya kuamua nani apate vingapi hurudiwa mara elfu moja kwa sekunde. Simu iliyo mahali pazuri sana, pasipo kelele, inaweza kupokea takriban biti 1,500 ndani ya kipande kimoja. Iliyo mahali pabaya itapata chini ya biti 100 ndani ya kipande hichohicho, kwa sababu mnara unalazimika kuzungumza nayo polepole na kwa kurudiarudia ili ieleweke. Ndiyo maana kasi ya megabiti 150 kwa sekunde inayotajwa kwa chaneli kama hiyo haionekani mtaani. Ukichanganya watumiaji wa kila aina, walio karibu na walio mbali, megabiti 30 hadi 40 kwa sekunde kwa upande mmoja wa mnara ni makadirio ya haki. Nasema upande mmoja kwa sababu mnara wa kawaida huwa na pande tatu, kila upande una antena zake na unahudumia eneo lake.

Sasa tupige hesabu ya uwanja. Nachukua namba za mfano, ila nimezichagua kwa kiasi. Watu ni 60,000. Mtandao mmoja una theluthi moja yao, yaani laini 20,000. Tuseme 12,000 kati ya hizo ziko kwenye simu janja zilizowashwa data, na upande mmoja wa mnara ulio nje ya uwanja ndio unaoelekea majukwaani. Wakati mpira unaendelea wengi wanatazama mchezo, kwa hiyo tuseme mmoja tu katika kila kumi ana kitu kinachopita hewani kwa wakati mmoja. Hao ni 1,200. Megabiti 35 zikigawanywa kwa watu 1,200, kila mmoja anapata takriban kilobiti 29 kwa sekunde. Picha iliyobanwa ya kilobaiti 150 ina kilobiti 1,200, kwa hiyo itachukua sekunde zaidi ya 40 kumfikia mtu aliye jukwaani. Video ya megabaiti 10 itachukua kama dakika 46, yaani kipindi kizima cha kwanza.

Hesabu hiyo bado ni ya upole. Inamchukulia kila mtu kuwa anapakua, na inadhani mnara unafanya kazi kwa ufanisi uleule wa siku za kawaida. Yote mawili si kweli siku ya mechi.

Mtaani watu hupakua zaidi kuliko wanavyopakia: wanatazama video, wanasoma, wanasikiliza. Uwanjani mambo hugeuka. Bao likifungwa, kila aliye na simu anataka kuwarushia wengine kile alichokiona, na wengine wanaonyesha mechi mubashara kwa jamaa walio mbali. Mzigo wote huo hupita kwenye njia ya kupakia. Njia hiyo ni dhaifu kwa asili yake. Antena ya mnara hutoa makumi ya wati, ilhali simu kwa kawaida haivuki takriban wati 0.2 ili kulinda betri na mwili wa anayeishika. Kwenye chaneli ileile ya megahezi 20, upande mmoja wa mnara unaweza kupokea kama megabiti 12 kwa sekunde kutoka kwa watu waliochanganyika, na mara nyingi chini ya hapo. Wakiwa 600 tu wanaopakia kwa pamoja, kila mmoja ana kilobiti 20. Video ya bao, hata ikiwa fupi, haitoki kwa kasi hiyo kabla programu haijakata tamaa na kuanza upya, na kila inapoanza upya sehemu iliyokwisha kutumwa huenda ikarudiwa.

Kuna madhara mengine ya njia hiyo kuziba ambayo wengi hawayaoni. Mtu anayepakua tu, asiyetuma chochote, naye hutuma. Kila baada ya pakiti mbili hivi anazopokea, simu yake hurudisha taarifa ndogo ya kusema zimefika, na seva iliyoko mbali haiendelei kutuma kwa kasi mpaka taarifa hizo ziifikie. Taarifa hizo zikikwama kwenye foleni ya kupakia, seva hudhani pakiti zimepotea, hupunguza kasi na kutuma tena zilezile. Ndipo hutokea hali inayowachanganya watu: njia ya kushuka ina nafasi, lakini ukurasa haufunguki. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi katika matangazo ya kasi ya mitandao, kwa kuwa namba inayopigiwa debe huwa ni ya kupakua, na mahali pa umati njia ya kupakia ndiyo inayoamua.

Kabla hata ya kutuma kitu, simu lazima iingie. Simu isiyotumika kwa sekunde chache huondolewa kwenye orodha ya wanaohudumiwa ili kuachia nafasi, na ikitaka kutuma tena hubisha hodi upya. Hodi yenyewe ni alama fupi ambayo simu huichagua kwa kubahatisha kutoka kwenye alama 64 zilizopo katika eneo la mnara huo. Kadhaa hutengwa kwa kazi maalumu, na mpangilio wa kawaida huacha 54 kwa watu wote. Simu mbili zikichagua alama moja kwa wakati mmoja, zinagongana, na angalau moja lazima irudi nyuma, isubiri, ijaribu tena. Siku za kawaida hili halionekani kabisa. Lakini bao linapofungwa, maelfu ya simu hutolewa mfukoni ndani ya sekunde zilezile. Simu 30 zikibisha hodi katika nafasi moja, karibu 4 katika kila 10 zitagongana na nyingine. Zinazorudi hukutana na zinazofika mara ya kwanza. Yule aliyezima data na kuiwasha, au kuitoa simu kwenye hali ya ndege, amejiondoa mwenyewe ndani na kujirudisha mlangoni, mahali pabaya kuliko pote.

Na si lazima mtu aguse simu. Simu iliyo mfukoni huingia na kutoka yenyewe kwa ajili ya barua pepe, taarifa za makundi na programu zinazojisasisha kimyakimya. Kila safari ya namna hiyo hubeba data kidogo sana, lakini hodi yake ni sawa na ya mtu anayetuma video. Baada ya kuingia bado kuna kizuizi kingine. Katika kila milisekunde mnara una nafasi finyu ya kuandika maagizo ya nani achukue vipande vipi, na kwa kawaida hutosha kuwaagiza watu wachache tu, kumi au ishirini hivi. Wakiwepo mamia wanaosubiri, vipande vya data vinaweza kubaki vitupu kwa sababu nafasi ya kuandika maagizo imekwisha. Mhandisi akitazama takwimu ataona mnara haujajaa, na shabiki ataona umejaa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Umati pia hupunguza uwezo wa mnara wenyewe, kwa njia ya mwingiliano wa mawimbi. Mitandao ya 4G hutumia masafa yaleyale kwenye kila mnara. Mtaani, nyumba na umbali hutenganisha eneo moja na jingine. Uwanja wa mpira ni bakuli kubwa lililo wazi. Aliyekaa jukwaa la juu anaonana na minara mingi ya jiji bila ukuta katikati, na simu yake inaisikia yote kwa nguvu inayokaribiana. Kila mmoja una sauti kubwa, hakuna hata mmoja unaotawala. Minara ikiwa haina kazi, kelele zake ni ndogo. Ikijaa, kila mmoja unatangaza kwa nguvu yake yote kwa wateja wake, na hiyo ni kelele tupu kwa wateja wa mwenzake. Kipande kilichokuwa kinabeba biti 350 sasa kinabeba 150. Mahitaji yanapopanda, uwezo unashuka, na hesabu yetu ya kilobiti 29 inakatwa nusu au zaidi.

Hapo ndipo pendekezo la kuongeza nguvu ya mnara linapoporomoka. Ukiongeza nguvu, vimistari vitapanda, na kelele kwa majirani itapanda pia. Jirani naye akiongeza, mmerudi mlipoanza, ila sasa mnapiga kelele zaidi. Shabiki atakuwa na vimistari vilivyojaa kuliko jana na kasi isiyotofautiana na ya jana.

Je, mtu wa kawaida atajuaje kwamba tatizo ni umati na si kitu kingine? Simu nyingi zina ukurasa wa vipimo. Kwenye Android nyingi, ingawa si zote, unapiga hivi kama unayepiga simu:

```
*#*#4636#*#*
```

Kwenye iPhone ni hivi, kisha unabonyeza kitufe cha kupiga:

```
*3001#12345#*
```

Tafuta namba tatu. RSRP ni ile nguvu tuliyoieleza. RSRQ hulinganisha nguvu ya alama za rejea na jumla ya mawimbi yote yanayoingia kwenye simu, pamoja na ya mzigo wa mnara wako na kelele za minara mingine. SINR, ambayo kwenye simu nyingine huandikwa RSSNR, huonyesha sauti unayoitaka imeizidi kelele kwa kiasi gani. Uwanjani asubuhi unaweza kukuta RSRP ni -78, RSRQ karibu na -8, na SINR juu ya 15. Jioni, ukiwa kwenye kiti kilekile, RSRP bado ni -78, RSRQ imeshuka hadi -15 au chini zaidi, na SINR inacheza karibu na sifuri. Namba ya kwanza haijasogea, mbili zimeanguka: huo ndio umati, na ushahidi wake uko mkononi mwako. Usipime huku ukipakua kitu kikubwa, kwa sababu mzigo wako mwenyewe nao hushusha RSRQ.

Ikiwa namba zote tatu ni nzuri na bado data haiendi, shida iko kwingine. Huenda ni bando au kiwango cha kasi cha kifurushi. Huenda ni kiungo cha nyuma, yaani njia inayouunganisha mnara na mtandao wote wa kampuni. Mnara uliounganishwa kwa mkongo hauna shaka kubwa hapo, lakini uliounganishwa kwa mawimbi ya mikrowevu unaweza kuwa na njia nyembamba kuliko uwezo wa antena zake. Njia rahisi ya kutofautisha ni kumwomba jirani mwenye laini ya kampuni hiyohiyo ajaribu. Yake ikienda na yako haiendi, tazama kifurushi chako. Mkikwama wote ilhali SINR ni nzuri, tilia shaka kiungo cha nyuma. Wote mkikwama na SINR ikiwa mbovu, jibu unalo.

Kariakoo yenyewe, eneo la soko ambako klabu zote mbili zina mizizi yao, ina msongamano wa aina nyingine, na tofauti hiyo inafundisha. Kwenye mitaa kama Msimbazi na Kongo umati ni wa kila siku. Wanaouza na kununua hapo wanahitaji mtandao kwa malipo kuliko kwa video, na malipo mengi hupita kwenye menyu ya nyota na reli kama `*150*00#` ya M-Pesa. Menyu hiyo haipiti kwenye njia ya data. Hupita kwenye njia za maagizo ya mtandao, na kwa simu nyingi za 4G, ukiipiga simu hushuka kwanza hadi 3G au 2G ndipo menyu ifunguke. Kwa hiyo duka ambalo programu ya malipo imegoma mara nyingi linaweza kukamilisha mauzo kwa menyu, na meseji ya uthibitisho ikaingia, huku intaneti imelala. Menyu ina udhaifu wake: ni mazungumzo yenye muda maalumu, na nafasi za maagizo kwenye 2G si nyingi. Zikijaa, unafika kwenye namba ya siri, menyu inakatika, na mteja na muuzaji hawajui kama pesa imetoka. Hapo busara ni kuangalia salio kabla ya kurudia muamala. Kurudia kwa haraka ndiko kunakozaa malipo mara mbili na ugomvi dukani.

Kwa mhandisi, Kariakoo ni kazi ngumu yenye malipo. Maghorofa yanazuia mawimbi, na kizuizi hicho ni msaada: antena ndogo ikifungwa kwenye ukuta wa mtaa mmoja, haisikiki sana mtaa wa pili, kwa hiyo masafa yaleyale yanaweza kutumika upya kila baada ya hatua chache. Wateja wapo kila siku, na gharama inarudi. Uwanjani hakuna kuta, na umati huja kwa saa chache kisha huondoka. Kampuni inayopima faida kwa mnara mmoja mmoja itaona kwamba kwa siku nyingi za mwaka vifaa vitakuwa vimekaa bure.

Bado dawa ya uwanja inajulikana, na kiini chake ni kuligawa eneo katika vipande vidogo, kila kipande na uwezo wake kamili. Badala ya upande mmoja wa mnara wa nje kuhudumia jukwaa zima, antena nyembamba hufungwa chini ya paa zikielekezwa chini, kila moja ikimulika kundi la viti tu. Ukiligawa jukwaa katika maeneo 20, una vipande 100 vya kila milisekunde mara 20, na hodi 54 mara 20, ilimradi maeneo hayo yasisikilizane sana. Hapo ndipo ufundi ulipo. Viwanja vingine vimetumia miili ya watu wenyewe kama kuta. Levi's Stadium ya Santa Clara, California, iliyofunguliwa 2014, ilifunga vifaa vya Wi-Fi chini ya viti, kwa kuwa mawimbi yanayopita kwenye miguu na miili ya watu hufifia haraka na hayafiki mbali kuwasumbua wengine. Uwanja ukiwa mtupu mpangilio huo huwa na mwingiliano mwingi, na ukijaa hutulia. Kwa mtandao unaojengwa kwa ajili ya umati, hilo ndilo unalolitaka.

Mnara wa magurudumu, unaoletwa kwa lori siku ya tukio, husaidia kwenye mikutano ya hadhara, sherehe na maonyesho kama Sabasaba. Lakini haujitoshelezi. Unahitaji umeme, unahitaji kiungo cha nyuma chenye upana wa kutosha, na unahitaji masafa yaliyopangwa. Ukiegeshwa tu na kuwashwa kwenye masafa yaleyale ya minara iliyopo, unaongeza kelele na kumpa kila mtu vimistari vipya visivyo na kitu ndani.

Na 5G? Tanzania ilianza kuipata kibiashara mwaka 2022, na chaneli yake ya megahezi 3500 inaweza kuwa na upana wa megahezi 100, mara tano ya ile tuliyoipigia hesabu. Anayehamia huko humpunguzia mzigo hata mwenye simu ya 4G. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. Chaneli za masafa hayo hutumia mawimbi yaleyale kwa zamu, kushuka na kupanda, na kwa kawaida sehemu kubwa ya muda hupewa kupakua, wakati uwanja unataka kupakia. Pia 5G nyingi duniani zilijengwa kwa kuegemea 4G: simu huingia kupitia 4G kwanza ndipo ipandishwe. Mlango wa 4G ukiziba kwa hodi zilizogongana, chaneli pana ya 5G hubaki nyuma ya mlango huohuo.

Shabiki aliye jukwaani leo hawezi kufunga antena, ila anaweza kujisaidia. Tiketi na pesa za njiani zishughulikiwe kabla ya kutoka nyumbani. Programu zinazojisasisha zizimwe. Ujumbe wa maandishi hupita pale ambapo picha hukwama, na meseji ya kawaida isiyotumia data hupita kwa urahisi zaidi, kwa kuwa husafiri kwenye njia za maagizo. Kuifunga simu kwenye 3G kwa muda kunaweza kusaidia pale ambapo wengi wako 4G. Kuhama upande wa uwanja nako kunaweza kukuingiza kwenye upande mwingine wa mnara ulio na watu wachache, hata kama vimistari vitapungua. Na video ya bao ibaki kwenye simu mpaka utakapofika barabara ya Mandela, ambako itaondoka ndani ya dakika moja bila kumsumbua yeyote.

Mambo mengine yako mikononi mwa wenye mitandao na wenye viwanja. Takwimu za mnara husomwa kwa wastani, na wastani huuficha umati. Upande wa mnara uliojaa asilimia 100 kwa saa 4 za mechi na asilimia 20 kwa saa nyingine 20 utaonekana kwenye ripoti ya siku kuwa umetumika kwa asilimia 33, na hakuna atakayeidhinisha fedha za kuupanua. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina kanuni za ubora wa huduma tangu 2018. Naona viwanja vikubwa na masoko makuu vipimwe peke yake, watu wakiwepo, kwa vipimo vya kupakia na vya kuingia kwenye mtandao sambamba na vya kupakua, na matokeo yatolewe hadharani kwa jina la mahali. Gari la vipimo linalozunguka jiji siku ya kazi halitaikuta dabi.

AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Antena za chini ya paa zinahitaji nyaya zipite ndani ya jengo, vyumba vya mitambo, umeme wa akiba na mkongo unaofika uwanjani, na kazi hiyo ni nafuu uwanja unapokarabatiwa na mafundi wako ndani, ghali baada ya wao kuondoka. Hakuna sababu kila kampuni ifunge nyaya zake. Tanzania tayari imezoea minara inayomilikiwa na kampuni za minara, kama Helios Towers, na kukodishwa kwa mitandao kadhaa. Mwenye uwanja anaweza kuagiza mfumo mmoja wa ndani, mitandao yote ikachomeka humo na kulipa kodi. Kwenye mkataba wake namba ya kuandikwa kwanza iwe ile ya jukwaa la juu, mapumziko ya mechi iliyojaa, simu ikipakia: kilobiti ngapi kwa sekunde, na hodi ngapi katika kila mia zimeitikiwa mara ya kwanza.